Tuigawe Kibodi au Tushushe Meza?

Dada mmoja mwenye steshenari jijini Dar es Salaam huchapa tangu asubuhi hadi magharibi: tasnifu za wanafunzi, mikataba ya kupangisha nyumba, barua za maombi ya kazi, kumbukumbu za vikao. Siku hizi kifundo cha mkono wake wa kulia kinamuuma na mkono wa kushoto unakufa ganzi. Mteja wake alimwonyesha picha ya kibodi iliyokatwa katikati, nusu huku na nusu kule, akamhakikishia kwamba hiyo ndiyo dawa. Kibodi hiyo inamgharimu faida ya wiki kadhaa. Kabla hajatoa fedha, tuliketi dukani kwake baada ya kufunga tukalijadili jambo hilo: yeye, mama mstaafu aliyesomea uhazili Tabora akachapa serikalini mpaka alipostaafu, tabibu wa fiziotherapia, kijana anayeandika programu za kompyuta, na mimi. Nimeyafupisha yaliyosemwa, na penye maoni yangu nimeyaweka waziwazi.

KIJANA: Mimi nasema anunue. Tazameni kibodi ya kawaida. Vidole vya shahada vinakaa kwenye F na J, na kati ya vitufe hivyo viwili hazifiki hata sentimita sita. Viwiko vyetu je? Viko mbalimbali kwa upana wa mwili. Kwa hiyo mikono inatoka huku pembeni, inakuja kukutana mbele ya kifua, na ikishafika hapo inatakiwa iweke vidole sawa na mistari ya herufi. Haiwezekani bila kifundo kukunjwa kuelekea upande wa kidole kidogo. Nilipohamia kwenye kibodi ya vipande viwili, mikono ilinyooka siku ile ile.

MHAZILI: Mwanangu, sisi tulichapa kwenye mashine za chuma. Ukibonyeza herufi moja unainua mkono mzima wa chuma ndani ya mashine, na chini ya karatasi kuna kaboni tatu au nne zinazotaka nguvu. Herufi zilipangwa hivi hivi zilivyo leo. Hatukuwa na kilichopasuliwa, na mikono yangu hii hapa, bado nasuka mikeka. Tofauti ni kwamba tulifundishwa kukaa. Mwalimu alipita nyuma yetu, na aliyelaza kifundo juu ya mashine alisikia jina lake darasa zima.

TABIBU: Kwa kifundo kutolazwa nakuunga mkono, Mama. Lakini mashine yako ilikupa kitu ambacho kompyuta imemnyima huyu dada. Mstari ulipokwisha, mkono wa kushoto uliondoka kwenye herufi ukasukuma kigari kurudi mwanzo. Ukurasa ulipokwisha, ulitoa karatasi, ukapanga kaboni, ukaingiza nyingine. Ulipokosea, ulishika kifutio. Mikono ilibadilisha kazi muda wote bila wewe kuagizwa upumzike. Leo mtu anachapa kurasa kumi na vidole havijaondoka mahali pake. Australia, miaka ya 1980, ofisi zilipohamia kwenye kibodi za umeme, malalamiko ya maumivu ya mikono yaliongezeka mpaka yakawa suala la nchi nzima, na miongoni mwa walioumia walikuwemo wachapaji wa kazi, watu waliosomea kama wewe.

MHAZILI: Sawa. Lakini hao hawakuumizwa na mpangilio wa herufi.

TABIBU: Hilo sikulisema bado.

Hapo nikaomba tupime badala ya kubishana kwa kukisia. Dada aliketi kwenye kiti chake akachapa aya moja ya mkataba, nami nikasimama juu yake na futi ya kupimia. Kutoka kiwiko hadi kiwiko tulipata sentimita 45. Vidole vyake vya kati vikikaa kwenye D na K, umbali kati yao ni sentimita tisa na nusu, kwa sababu kutoka katikati ya kitufe hadi katikati ya jirani yake ni milimita 19 karibu katika kila kibodi. Maana yake ni kwamba kila mkono lazima uingie ndani kwa sentimita 18 hivi. Kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole vilivyokunjwa ana sentimita 40, basi kila mkono unalala kwa mshazari wa digrii 26. Kijana akaweka vipande vyake viwili mezani, akavitenganisha mpaka vidole vya kati vikawa na sentimita 33 kati yao. Mshazari ulishuka chini ya digrii tisa.

KIJANA: Mmeona wenyewe.

TABIBU: Tumeona mshazari wa mkono. Mkunjo wa kifundo ni mdogo kuliko huo, maana mtu huacha kiganja nacho kilale upande kidogo na vidole vifike kwa kupinda. Watafiti wa Marekani, Marklin na Simoneau, walipima jambo hili mwaka 1999 kwa watu wa ofisini: kibodi ya kawaida ilikunja kifundo kando kwa takriban digrii 12, na zile zilizogawanywa zikapunguza mkunjo huo hadi ndani ya digrii tano. Kwa hiyo kijana hadanganyi. Kugawa kibodi kunanyoosha kifundo upande wa kando, na wazo lenyewe si geni. Mjerumani Klockenberg alipendekeza mashine ya kuchapa iliyogawanywa mwaka 1926, na Kroemer akalifanyia majaribio na kuliandika mwaka 1972, kabla kompyuta hazijafika mezani kwa watu.

DADA: Basi ninunue?

TABIBU: Nionyeshe kwanza ganzi iko wapi.

Dada aliinua mkono wa kushoto, akashika kidole kidogo na kidole cha pete.

KIJANA: Hiyo ndiyo ile ya neva kubanwa kwenye kifundo. Kila mchapaji anaipata.

TABIBU: Hapana, na hapa ndipo watu wanapopoteza fedha. Neva inayobanwa kwenye kifundo inahudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete iliyo upande wa cha kati. Mtu wa namna hiyo huamka usiku akikung'uta mkono, na asubuhi kikombe kinamponyoka. Kidole kidogo hakimo. Ganzi ikikaa kwenye kidole kidogo, neva inayolalamika ni nyingine, ile inayopita nyuma ya kiwiko, mahali ukijigonga unasikia umeme hadi vidoleni. Dada, ukiwa unasoma mswada wa mteja, mkono wa kushoto unauweka wapi?

Hakujibu kwa maneno. Aliketi kama anavyoketi siku zote: karatasi ya mteja upande wa kushoto, kiwiko cha kushoto kimeegemea ukingo wa meza ya kioo, shavu limelala kiganjani, mkono wa kulia ukizungusha kipanya.

TABIBU: Ukingo mkali chini ya kiwiko, na kiwiko chenyewe kimekunjwa sana. Hata ukinunua kibodi ya dhahabu iliyogawanywa mara nne, kiwiko kitabaki pale pale. Weka kitambaa kinene kwenye ukingo huo leo, na mswada usimamishe kando ya skrini ili usiuinamie. Ganzi ikiendelea wiki kadhaa, au ukiona nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada inapungua, njoo hospitali usingoje.

Kwa maoni yangu hapa ndipo mjadala mzima ulipogeuka. Tuliingia tukiuliza kibodi ya umbo gani ni bora, kumbe hatukuwa tumeuliza maumivu yako wapi. Bado ilibaki kesi ya mkono wa kulia, unaouma juu ya kifundo, upande wa nyuma wa mkono, jioni zaidi kuliko asubuhi. Tabibu alimtaka achape tena, safari hii akamtazama kutoka ubavuni.

TABIBU: Njooni mtazame huku. Kijana ametuonyesha mkunjo wa kando kwa sababu ndio unaoonekana ukisimama juu. Kutoka ubavuni kuna mwingine. Viganja vyake vimeinuka, migongo ya mikono inamwelekea usoni. Kifundo kimekunjwa kwenda juu, na si kwa digrii 12. Hapa nakisia digrii 30.

Tukapima tena. Meza ni sentimita 75 kutoka sakafuni. Miguu midogo ya nyuma ya kibodi ilikuwa imesimamishwa, kwa hiyo mstari wa A, S, D ulikuwa kwenye sentimita 78 hivi. Kiwiko chake akiwa ameketi kiko kwenye sentimita 64. Tofauti ni sentimita 14. Mikono yake inapanda mlima kutoka kiwikoni, halafu vifundo vinaegemezwa kwenye ukingo wa meza, na vidole vinanyanyuka kufikia vitufe vilivyoinamishwa kumwelekea.

TABIBU: Ndani ya kifundo kuna njia nyembamba ambamo kano tisa za vidole na neva moja hupita pamoja. Mkono ukinyooka na kutulia, shinikizo humo ndani ni dogo, milimita chache za zebaki. Ukikunja kifundo kwenda juu, linapanda. Likifika milimita 30 na kukaa hapo kwa muda, damu inayolisha neva inaanza kupungua. Na mkunjo wa juu wa digrii 30 na kitu, kwa watu wengi, unatosha kukaribia kiwango hicho. Ongeza kifundo kilichoegemezwa kwenye ukingo wa meza, unabana njia hiyo kutoka nje pia. Huyu dada hajafikia neva kubanwa kwenye kifundo, maumivu yake ni ya misuli na kano zinazonyanyua kiganja zikishika kazi kutwa nzima. Lakini anaelekea huko.

KIJANA: Kibodi yangu inaweza kuinamishwa kwenda mbele, tena nusu mbili zinainuka katikati kama paa ili viganja visitazame chini kabisa.

TABIBU: Kuinua katikati kunapunguza msokoto wa mkono, ni kweli, na wengi hufurahia digrii kumi hadi kumi na tano. Lakini iweke juu ya meza hii hii ya sentimita 75. Ukiinua katikati umeongeza kimo. Dada anahitaji kushuka, wewe unampandisha.

MHAZILI: Mnashangaa nini? Meza ya mashine haikuwa meza ya kuandikia. Ofisini nilikuwa na meza mbili. Ya kuandikia ilikuwa ndefu kama hii. Ya mashine ilikuwa fupi, imewekwa kando kwa pembe, unageuka na kiti. Mashine yenyewe ilikuwa ndefu, kwa hiyo meza ilishushwa ili herufi zije usawa wa viwiko. Kompyuta zilipoletwa, zile meza fupi zilitolewa nje zikapangwa kwenye korido, na kibodi zikawekwa juu ya meza za kuandikia. Hakuna aliyetuuliza.

Mama huyu alianza jioni ile akitetea nidhamu ya kukaa, na kwa nidhamu peke yake hakunishawishi, kwa sababu mtu mwenye viwiko kwenye sentimita 64 hawezi kuketi vizuri mbele ya vitufe vilivyo kwenye 78 hata akifundishwa na mwalimu mkali kiasi gani. Lakini alichokisema kuhusu meza mbili kilikuwa na uzito kuliko yote niliyoyasikia. Mchapaji wa zamani alikuwa na samani yake. Tulipobadilisha mashine tuliitupa samani hiyo, na miili ikabaki kuziba tofauti ya kimo.

DADA: Sasa mimi nifanyeje? Kiti changu cha plastiki hakipandi.

TABIBU: Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kupandisha mwili. Weka juu ya kiti mto mgumu ambao ukiukalia unabaki na sentimita kumi. Kiwiko kinafika 74. Kunja ile miguu ya nyuma ya kibodi, mstari wa herufi unashuka hadi 77. Tofauti iliyobaki ni ndogo. Lakini miguu yako itaning'inia, na ukingo wa kiti utakubana chini ya mapaja, kwa hiyo utahitaji kitu cha kukanyagia cha sentimita kumi.

DADA: Rimu mbili za karatasi.

TABIBU: Rimu mbili, kila moja ina sentimita tano na kidogo. Zifunge kwa gundi ya karatasi zisiteleze, na ziwe mbili kwa kila mguu. Njia ya pili ni kumwita seremala akate miguu ya meza kwa sentimita kumi. Mimi ningechagua hiyo, kwa kuwa kiti cha plastiki chenye mto huyumba. Skrini itashuka pamoja na meza, basi hizo rimu uzihamishie chini ya skrini.

KIJANA: Akishakata meza, bado mikono inakutana katikati. Digrii 12 zangu ziko pale pale. Mbona mnaziacha?

Ni swali la haki, na nilitaka lijibiwe kikamilifu. Kijana anaamini kwamba kibodi ya vipande viwili inazuia ugonjwa. Nilimuuliza tabibu kama kuna aliyelithibitisha hilo.

TABIBU: Kuna jaribio moja ninaloliheshimu, la mwaka 1999. Watu 80 waliokwisha kuwa na maumivu ya mikono waligawanywa makundi manne, wakachapa miezi sita. Makundi matatu yalipewa kibodi za maumbo mbalimbali, moja likabaki na ya kawaida. Waliopewa ile ya Microsoft iliyotoka 1994, iliyogawanywa kwa pembe lakini ikiwa kipande kimoja, walipungukiwa na maumivu kuliko waliobaki na ya kawaida. Nafuu haikuja wiki ya kwanza, ilihitaji miezi.

KIJANA: Basi!

TABIBU: Subiri. Madaktari walipowapima mikono yao, vipimo vya kitabibu havikuonyesha tofauti inayolingana na nafuu hiyo. Maumivu yamepungua, dalili walizozitafuta madaktari zimebaki. Na mwaka 2012 timu ya Cochrane ilipokusanya majaribio yote yanayofaa juu ya vifaa vya aina hii kwa watu wenye neva iliyobanwa kwenye kifundo, ilipata mawili tu, yenye watu 105 kwa jumla, ikasema ushahidi hautoshi kuamua. Halafu kuna uchunguzi mkubwa wa Denmark wa mwaka 2003, wa wafanyakazi karibu 7,000. Saa za kibodi hazikuonyesha uhusiano wa wazi na ganzi ya mkono. Zilizoonyesha ni saa za kipanya, kwa wanaokishika zaidi ya saa 20 kwa wiki.

KIJANA: Kwa hiyo unasema nimejidanganya?

TABIBU: Sijasema hivyo. Ulikuwa na maumivu, yamepungua, na mkunjo wako umepungua kwa kipimo. Ninachokataa ni kumwambia mtu asiyeumwa kwamba akinunua hiki hataugua. Hilo halijulikani.

KIJANA: Nami siwezi kungoja mpaka lijulikane. Mikono ni yangu, nachapa nayo leo.

Hawakukubaliana, na sikuona sababu ya kuwalazimisha. Lakini kipanya kilichotajwa hapo kilinifanya nitazame tena meza ya dada. Kibodi yake ni ile pana, yenye safu ya tarakimu upande wa kulia, karibu sentimita 45 kwa jumla. Kipanya kinakaa nje ya safu hiyo, kwa hiyo kila anapokifuata bega linafunguka na mkono unanyooka kwenda kulia. Tarakimu hizo anazitumia mara chache sana. Kibodi isiyo na safu hiyo ina upana wa sentimita 36 hivi, na inamrudishia kipanya karibu kwa sentimita tisa. Haijagawanywa, ni rahisi kupatikana Kariakoo, na kwa mkono wake wa kulia naiona ni hatua kubwa kuliko kibodi ya kijana.

Baada ya hapo kijana alifanya jambo la maana: alimpisha mhazili kwenye kiti. Mama alitazama vipande viwili kwa muda, akaweka vidole kwenye mistari ya katikati, akafumba macho. Alichapa sentensi ndefu ya barua ya serikali, polepole, bila kosa hata moja.

MHAZILI: B iko kushoto. Vizuri. Ndivyo tulivyofundishwa.

KIJANA: Mimi iliniua hiyo B. Nilizoea kuibonyeza kwa kidole cha kulia. Kila nikiandika "habari", kidole cha kulia kinaangukia uwazi uliopo katikati. Na kwenye baadhi ya kibodi hizi 6 imewekwa kushoto, walioizoea kulia wanahangaika. Yangu zaidi ya hapo ina safu zilizonyooka wima, si zile zilizopishana. Hiyo ilinichukua wiki kadhaa kurudi kwenye mwendo wangu.

MHAZILI: Kwa nini zilipishana?

KIJANA: Ni urithi wa mashine yako, Mama. Kila kitufe kilikuwa na wenzo wake wa chuma unaoingia ndani, na wenzo hauwezi kupita juu ya mwingine, kwa hiyo vitufe vikasogezwa kidogo kidogo kando. Wenzo umekufa, mpishano umebaki.

DADA: Nami nijaribu.

Alipojaribu tuliona jambo ambalo mteja wake hakumweleza. Dada anachapa haraka, lakini kwa vidole vinne, macho yakiwa kwenye vitufe, na mkono wake wa kulia huvuka kwenda kushoto kufuata T, G na hata R. Nusu mbili zilipotenganishwa mkono huo ukawa na bonde la kuvuka kwa kila neno. Mwendo wake ulianguka, na kifundo chake hakikukunjwa kando kwa namna ya kijana hata kidogo, kwa sababu mikono inayoruka kila upande haikai kwenye F na J. Hesabu yangu ya digrii 26 inamhusu mtu anayeweka vidole kwenye kituo na kuviacha hapo. Mtu anayechapa kwa kuwinda herufi hana mkunjo huo wa kudumu, basi kibodi iliyogawanywa inamtibu ugonjwa asiokuwa nao.

MHAZILI: Ajifunze vidole kumi kwanza. Nitamfundisha mimi.

DADA: Mama, wateja wanasubiri mlangoni.

MHAZILI: Nusu saa kabla ya kufungua. Tunaanza na mkono wa kushoto, kwa sababu ndio wenye kazi.

KIJANA: Hapo una neno. Nilikuwa nataka kulisema. Kwa Kiswahili kidole kidogo cha kushoto kinaonewa. Andika "wanafanana": herufi kumi, tano ni a, na zote ni za kidole kile kidogo. Kiingereza hakikitumikishi hivyo. Nimehamisha a kwenye kibodi yangu, nimeiweka chini ya kidole chenye nguvu. Hata Shift nimeihamishia kwenye kidole gumba.

TABIBU: Angalia na hicho kidole gumba. Watengenezaji wengine wamekijazia vitufe sita, na kano zake zinazopita ukingoni mwa kifundo nazo huvimba. Ukianza kuumwa pale chini ya kidole gumba unapokikunja ndani ya ngumi, punguza.

Hilo la a sikulipatia jibu. Nikitazama matini yoyote ya Kiswahili naona kijana ana hoja, lakini kuhama mpangilio wa herufi kunamfunga mtu kwenye kifaa chake mwenyewe, na mwenye steshenari hukaa kwenye kompyuta yoyote iliyo wazi. Nani atatupimia kama kidole hicho kweli huumia zaidi kwa wachapaji wa Kiswahili? Ningependa kuona chuo chochote cha tiba hapa kwetu kikilishika swali hilo.

Kabla hatujaondoka kijana alitoa ushauri ambao hata tabibu aliuandika. Anayetaka kujua kama kugawa kibodi kutamfaa asinunue kwanza. Achukue kibodi mbili ndogo za kawaida, zisizo na safu ya tarakimu, azichomeke zote kwenye kompyuta moja na kuziweka ubavu kwa ubavu. Mkono wa kushoto uchape kwenye ya kushoto, wa kulia kwenye ya kulia. Vidole vya kati vitakuwa na sentimita 45 hivi kati yao, karibu sawa na viwiko vya dada. Kwenye Windows na Linux, Shift ya kibodi moja hufanya kazi na herufi za nyingine. Kwenye kompyuta za Apple haifanyi hivyo bila kuongezewa programu. Kipanya kitakuwa mbali, kwa hiyo ni jaribio la siku chache, si mpango wa kudumu. Lakini mtu akichapa hivyo na kifundo kisipopata nafuu yoyote, ameokoa fedha.

Mimi nimeshika upande. Kwa anayechapa kwa vidole kumi bila kutazama, ambaye meza yake iko usawa wa viwiko na kipanya chake kiko karibu, na bado anaumwa upande wa kidole kidogo, kibodi iliyogawanywa ni kifaa halali na ningemshauri anunue, aanze na ile ya kipande kimoja yenye pembe kwa sababu kuizoea ni kazi ya siku chache. Kwa mwingine yeyote, kibodi ije baada ya meza. Dada hatainunua. Atamwita seremala.

Na ninyi mnaoagiza samani za ofisi, za serikali na za binafsi: mnaponunua meza 50 za sentimita 75, mmeamua mikunjo ya vifundo vya watu 50 kabla hawajaajiriwa. Agizeni meza za kuchapia zinazoshuka, au angalau trei ya kibodi inayoning'inia chini ya meza, na viti vinavyopanda pamoja na kikanyagio cha miguu. Wapimeni watu viwiko wakiwa wameketi, halafu ndipo mwandike zabuni.